Wanne Tunaomba Likizo ya Krismasi kwa Pamoja: Tufanyeje Maabara Isibaki Tupu?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali binafsi hapa Dar es Salaam. Tuko tisa, na tunafanya kazi kwa zamu za saa nane nane: asubuhi watatu, mchana wawili, usiku mmoja. Wanne kati yetu tunataka kwenda nyumbani Krismasi hii, kuanzia tarehe 20 Desemba hadi tarehe 2 Januari. Wawili kwao ni Kilimanjaro, mmoja Mbinga, na mimi kwetu ni Bukoba. Mwaka jana kila mtu alipeleka fomu yake kimya kimya. Mkuu wa maabara akajikuta na fomu nne za tarehe zilezile mezani, akazikataa zote. Safari hii tumekubaliana tuombe kwa pamoja, na mwenzetu mmoja anataka tuandike kwamba asiporuhusiwa mmoja, hakuna kati yetu atakayebaki kazini. Maneno hayo yananitia hofu. Kuna na jambo la pili: wanaoruhusiwa kukaa zamu ya usiku peke yao ni wanne tu, kwa sababu usiku mtu mmoja ndiye hulinganisha damu ya akina mama wanaopelekwa upasuaji. Wawili kati ya hao wanne wamo katika kundi letu, nami ni mmoja wao. Ombi la namna hii linapangwaje na kuandikwaje?

Dada wa Maabara, Dar es Salaam

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na ile sentensi ya mwenzenu, kwa sababu umefanya vyema kuiogopa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo ndiyo inayotumika Tanzania Bara, inahesabu kuwa mgomo kitendo cha wafanyakazi kusimamisha kazi, yote au sehemu yake, kwa lengo la kumshinikiza mwajiri akubali dai lao. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 77, inazitaja huduma za afya pamoja na huduma za maabara zinazoambatana nazo miongoni mwa huduma muhimu, na watumishi wa huduma muhimu wamewekewa mipaka mikali zaidi ya kugoma kuliko wafanyakazi wengine. Kwa hiyo ninyi mnaotaka tu kula sikukuu na wazazi mtakuwa mmemwandikia mwajiri, kwa mkono wenu na kwa saini nne, karatasi inayosomeka kama tishio la mgomo ndani ya hospitali. Iondoeni sentensi hiyo, na msiibadilishe kwa nyingine iliyo laini lakini yenye maana ileile.

Jueni pia mnachodai na mnachoomba, maana ni mambo mawili. Haki yenu ni siku 28 mfululizo za likizo katika kila mzunguko wa miezi 12, na sikukuu zinazoangukia ndani ya likizo huhesabiwa humo humo. Tarehe si haki yenu: mwajiri ndiye mwenye mamlaka ya kupanga lini likizo itachukuliwa, ilimradi asivuke miezi sita baada ya mzunguko kwisha, au miezi 12 ikiwa mfanyakazi mwenyewe ameridhia na mahitaji ya kazi yanalazimisha. Mkuu wenu wa maabara alipozikataa fomu zile nne hakuwanyima likizo. Alikataa tarehe, na kwa hali aliyoikuta mezani sioni angefanya nini kingine. Kazi yenu mwaka huu ni kumletea tarehe ambazo anaweza kuzikubali bila kukosa usingizi.

Sasa tuingie kwenye rosta. Katika kawaida yenu mnahitaji watu sita kwa siku, yaani zamu 42 kwa wiki, na watu tisa wakifanya zamu tano kila mmoja wanatoa zamu 45. Mkiondoka wanne wanabaki watano. Tuseme kipindi cha sikukuu kazi inapungua, na mkuu wa maabara anakubali kushusha kiwango hadi watu wanne kwa siku, wawili asubuhi, mmoja mchana na mmoja usiku. Hizo ni zamu 28 kwa wiki. Watano waliobaki wakifanya zamu tano tano wanapata 25. Wakikubali watatu kati yao kuongeza siku ya sita, watafika saa 48 kwa wiki, ambazo ni saa 45 za kawaida na saa tatu za ziada zinazolipwa mara moja na nusu, na hesabu itatimia 28 kamili.

Hapo ndipo waombaji wengi husimama na kusema rosta imekubali. Haijakubali, kwa sababu haijaulizwa swali ambalo mkuu wa kitengo hujiuliza kwanza: je, mmoja wa waliobaki akiugua? Watano wakiwa wanne, hata wakifanya kazi siku sita kila mmoja, wanatoa zamu 24 tu, na zamu nne za wiki hiyo hazina mtu. Kwa watu tisa walio katika mzunguko wa zamu, kutokea mgonjwa mmoja ndani ya wiki mbili ni jambo la kawaida. Tena si ugonjwa tu. Mfanyakazi anayefiwa na mzazi, mwenza, mtoto, ndugu wa kuzaliwa, babu au bibi ana haki ya ruhusa yenye malipo ya siku nne, na hakuna atakayemwambia asiende msibani kwa kuwa ninyi mko Marangu. Mpango unaoweza kutetewa mbele ya mkuu ni ule unaobaki umesimama hata akipungua mtu mmoja zaidi.

Kwa wiki nzima, kipimo hicho kinaruhusu watatu kutokuwapo, si wanne. Wakibaki sita wakafanya zamu tano tano, wanatoa zamu 30 dhidi ya 28 zinazohitajika, na akiugua mmoja watano waliosalia wanaweza kuziba kwa ile siku ya sita.

Lakini tatizo lenu kubwa umelitaja mwenyewe mwishoni, na ningependa mlitangulize, kwa kuwa hata watatu wakiwa likizo bado mnaweza kukwama kwenye zamu ya usiku. Kwa tarehe mlizoomba, ninyi wawili wa usiku mkiondoka pamoja, wenzenu wawili wanabaki na usiku 14, kila mmoja saba, wakipokezana bila kupumua. Akiugua mmoja, wa pili atalala kazini kila usiku hadi mrudi, jambo ambalo sheria hairuhusu, kwani kila mfanyakazi lazima apate angalau saa 24 mfululizo za mapumziko ndani ya wiki. Wala hamwezi kumtoa mtu zamu ya usiku iliyokwisha saa moja asubuhi na kumpangia zamu ya saa tisa mchana siku hiyohiyo, kwa sababu kati ya kumaliza kazi na kuianza tena lazima zipite saa 12. Na zamu ya usiku haijazwi na yeyote aliyepo tu. Anayepima kundi la damu na kuilinganisha na ya mchangiaji saa nane za usiku, huku mama yuko mezani na daktari anasubiri chupa, hana wa kumwonyesha matokeo kabla hayajatoka. Ndiyo maana mkuu wenu ameruhusu wanne tu, na ombi lolote linalompa shinikizo la kumweka mtu wa tano kabla hajawa tayari litakataliwa, na litastahili kukataliwa.

Kwa hiyo ninachowashauri ni makundi mawili, kila kundi likiwa na mtu mmoja wa usiku, na makundi hayo yakutane kwa siku tatu za sikukuu yenyewe. Kundi la kwanza liwe likizo kuanzia tarehe 16 hadi 26 Desemba na kurejea kazini tarehe 27. Kundi la pili liwe likizo kuanzia tarehe 24 Desemba hadi tarehe 3 Januari na kurejea tarehe 4. Kila mmoja anapata siku 11 badala ya 14, wote wanne mnakula Krismasi nyumbani, na siku ambazo wote hampo ni tarehe 24, 25 na 26 tu. Siku nyingine zote wanakuwapo watu saba, ambao wakifanya zamu tano tano wanaweza kuweka watano kwa siku, yaani pungufu ya mtu mmoja tu wa asubuhi ukilinganisha na kawaida yenu.

Zipimeni hizo siku tatu kwa karibu, kwa sababu ndizo atakazozihoji. Tarehe 24 wanahitajika wanne. Tarehe 25 na 26, kama kliniki za wagonjwa wa nje zinafungwa, wanatosha watatu kwa siku, mmoja kila zamu. Jumla ni zamu kumi kwa watu watano, mbili kwa kila mmoja. Wale wawili wa usiku tuwaite Wa Kwanza na Wa Pili. Wa Kwanza analala kazini usiku wa tarehe 24 na wa tarehe 26. Wa Pili anafanya asubuhi ya tarehe 24, kisha anaingia usiku wa tarehe 25. Watatu waliosalia wanagawana asubuhi na mchana zilizobaki, na kila mmoja anapata siku nzima ya kuwa na familia yake. Sasa mwondoeni Wa Kwanza, mchukulie kwamba ameamka na malaria tarehe 24. Wa Pili anachukua usiku zote tatu, na asubuhi yake ya tarehe 24 inachukuliwa na mmoja wa wale watatu. Ni nzito, lakini ni usiku tatu zenye mwisho unaojulikana, na hakuna sheria iliyovunjwa. Huo ndio ukurasa utakaombadilisha mawazo mkuu wenu. Mwonyesheni rosta mbili, ya siku njema na ya siku ambayo mtu wa usiku hayupo.

Wewe wa Bukoba ujiweke kundi la pili. Basi la Dar es Salaam kwenda Bukoba ni safari ndefu kupita zote za wenzako, na likiharibika njiani huwezi kufidia kwa kupanda jingine jioni ileile. Anayetakiwa kazini tarehe 27, siku ambayo usiku bado una watu wachache, awe ni yule anayetoka Moshi, na hata yeye apangiwe zamu ya mchana, isiwe ya asubuhi.

Kuhusu wenzenu watano wanaobaki, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona maombi mazuri yakivunjika hapa. Rosta ya Krismasi ni ya kwao kuliko ilivyo yenu, maana ninyi hamtakuwapo. Msiichore peke yenu kisha mkawapelekea wasaini. Kaeni nao kabla ya kuandika chochote. Msichukulie kwamba Mwislamu hana haja na siku hizo. Desemba shule zimefungwa, na mwenye watoto anaweza kuwa aliitaka wiki hiyohiyo ili awapeleke kwa bibi yao Tanga. Ulizeni kila mmoja anataka nini na lini, kisha andikeni ahadi yenu ndani ya hati ileile: nani kati yenu wanne atashika zamu za Idi el-Fitri, nani atashika za Pasaka, na kwamba katika rosta ya Krismasi ijayo wanaobaki sasa ndio watakaotangulia kuchagua. Na msiwatajie malipo ya sikukuu kama hisani yenu. Anayefanya kazi siku ya sikukuu ya taifa hulipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa, na saa za usiku zina nyongeza ya asilimia tano. Hayo ni yao kwa sheria.

Jambo moja ambalo watu huliandika kwa nia njema na likawaharibia ni ile ahadi ya "tukiitwa tutarudi". Msiiandike. Sheria inamkataza mwajiri kumtaka, na hata kumruhusu, mfanyakazi afanye kazi akiwa katika likizo yake ya mwaka, na isitoshe mtu aliye Mbinga hawezi kuziba zamu ya usiku huu. Mwenye kuziba pengo lazima awe miongoni mwa waliobaki, jina lake liandikwe kwa kila siku, na naye ajue kwamba siku hiyo haendi mbali na simu. Upande wenu mmalize yanayowahusu kabla ya kuondoka: vitendanishi vya mashine ya picha kamili ya damu vihesabiwe na kuagizwa mapema, kwani wauzaji nao hufunga; nywila za mashine ziwe kwa mkuu; na kitabu cha makabidhiano kiseme bayana chupa ngapi za damu za kila kundi zimo kwenye jokofu na zinaisha muda lini.

Sasa uandishi. Kila mmoja ajaze fomu yake ya likizo kama kawaida, kwa sababu likizo ni ya mtu na salio la siku ni la mtu. Kagueni salio hilo kwa afisa rasilimali watu kabla ya yote. Mzunguko wa likizo wa mmoja unaweza kuwa umeanza Machi na wa mwingine Agosti, kutegemea alivyoajiriwa, na haipendezi kugundua wiki ya mwisho kwamba mwenzenu amebakiwa na siku sita. Fomu hizo nne ziambatane na barua moja ya pamoja isiyozidi ukurasa, pamoja na rosta zile mbili. Mwili wa barua unaweza kusomeka hivi:

"Sisi watumishi wanne wa maabara tunaomba likizo ya mwaka katika makundi mawili. Kundi la kwanza litakuwa likizo kuanzia tarehe 16 hadi 26 Desemba, na kundi la pili kuanzia tarehe 24 Desemba hadi tarehe 3 Januari. Siku ambazo wote wanne hatutakuwapo ni tatu. Katika kila usiku wa kipindi hiki kuna mtumishi aliyeidhinishwa kufanya zamu ya usiku peke yake, na yuko mwingine aliyetajwa kuchukua nafasi yake akipata dharura. Rosta imeandaliwa pamoja na wenzetu watano wanaobaki, nao wameisaini. Fomu ya kila mwombaji inajitegemea. Iwapo ofisi itaona ni lazima mmoja au zaidi wabaki, tumeorodhesha hapa chini utaratibu tuliokubaliana wa nani aanze kuachia nafasi."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayochukua mahali pa ile ya mwenzenu. Kaeni mkubaliane sasa, kabla hamjajua jibu, nani atabaki ikibidi. Kigezo cha haki ninachokijua mimi ni kuanza na aliyekwenda nyumbani Krismasi iliyopita au ya karibuni zaidi, na kuacha mwisho yule ambaye hajakwenda kwa miaka mingi. Mkishindwa kukubaliana ninyi wanne mlio marafiki, mnamtaka mkuu wenu achague kati yenu, na hapo ndipo fomu zote nne huwekwa kando.

Kabla ya kuwasilisha chochote, mmoja wenu, si wote wanne, amwendee mkuu wa maabara na rosta ikiwa bado rasimu ya kalamu ya risasi, amwombe dakika chache, na amuulize mambo mawili: kiwango cha chini cha watu anachokikubali kwa kila zamu, na kama kliniki zitafungwa tarehe 25 na 26. Majibu yake ndiyo yaingie kwenye rosta, si makadirio yangu. Muulizeni pia kama yupo mmoja kati ya wale watano ambaye anamwona anakaribia kuidhinishwa kwa zamu ya usiku. Kama yupo, Oktoba na Novemba zinatosha kwa yeye kukaa usiku kadhaa pamoja nawe, afanye ulinganishaji wa damu mbele yako, kisha mkuu mwenyewe amtathmini na kuweka saini kwenye kumbukumbu zake. Akifaulu, mna watu watatu wa usiku katika zile siku tatu badala ya wawili. Asipofaulu, rosta yenu haikumtegemea.

Pelekeni barua mapema Oktoba, ili afisa rasilimali watu aiingize kwenye mpango wa likizo na malipo yenu ya likizo yawe tayari kabla hamjaondoka, kama sheria inavyotaka. Tiketi msikate kwanza. Najua mabasi ya Moshi ya wiki ya Krismasi hujaa mapema, lakini tiketi iliyokatwa kabla ya saini ya mkuu humfanya ahisi amewekewa kamba shingoni, na kwa mnayemwomba hilo ni baya. Jibu likichelewa kupita wiki mbili, mwendeeni kwa upole mkamkumbushe. Likiwa la kukataa, ombeni kwa maandishi sababu na tarehe mbadala, mkizitaja nyingine mbili mnazoziweza. Na asitokee hata mmoja akaondoka kwa kisingizio cha ugonjwa, kwa sababu kutokuwapo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano za kazi ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu, na watu wawili wa maabara moja wakiugua pamoja tarehe 23 Desemba, cheti cha daktari kitapigiwa simu.